Nyuzi za Sauti Hazijisogezi Zenyewe: Hotuba kwa Waadhini na Walimu wa Madrasa, Lamu

Hotuba hii niliitoa Langoni baada ya sala ya Isha, mbele ya waadhini, walimu wa madrasa na vijana wa kaswida. Waliokosa kufika waliomba niiandike yote, nami nimeiacha kama nilivyoisema. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe wangu, walimu wangu, mama zangu mliokaa upande ule, vijana wangu wa kaswida. Tangu niteremke kwenye boti ya Mokowe nimekuwa nikiulizwa swali moja kwa namna nyingi: "Daktari, sauti yangu imeharibika, nyuzi zimekatika?" Mwengine: "Nyuzi zimelegea?" Mwengine: "Nyuzi zimekauka?"

Jamani, kwa nini lawama zote ni za nyuzi? Katika miaka yangu ya kuchungulia makoo ya watu nimeona nyuzi nyingi nzima kabisa, nyeupe, laini, na mwenyewe sauti haimtoki. Nyuzi za sauti hazijisogezi zenyewe. Kuna magegedu yanayozibeba, na kuna misuli inayoyavuta magegedu hayo. Usiku huu nataka tuzungumze juu ya hayo, kwa sababu nyinyi mnavitumia viungo hivi kuliko mtu yeyote katika mji huu.

Tuanze na kidole. Kila mtu aweke kidole mbele ya shingo, pale palipotokeza. Mama zangu, kwenu hapatokezi sana, lakini papaseni mtapapata. Hilo ni gegedu kubwa la kikoromeo, madaktari huliita thairoidi. Ni mabamba mawili yaliyokutana mbele yakafanya kona. Kwa mwanamume kona ile ni kali, karibu digrii 90, ndiyo maana hutokeza. Kwa mwanamke imefunguka zaidi, karibu digrii 120. Msilichanganye na tezi ya jina hilo hilo, ambayo imelala chini yake kidogo.

Sasa teremsheni kidole taratibu. Mmehisi kibonde kidogo, laini? Kisha chini ya kibonde mmegusa kitu kigumu, chembamba? Hapo ni gegedu la pili, krikoidi. Limeumbwa kama pete ya muhuri: mbele nyembamba, nyuma kuna bamba pana lililosimama. Katika njia nzima ya hewa ndilo gegedu pekee linalozunguka duara kamili.

Na juu ya bamba lile la nyuma, mahali ambapo kidole hakifiki, wamekaa wadogo wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Ni vigegedu vya pembe tatu, vinaitwa aritenoidi. Kila kimoja kina ncha inayotazama mbele na ncha inayotazama pembeni. Ncha ya mbele ndiyo iliyoshika uzi wa sauti. Ncha ya pembeni ndiyo inayovutwa na misuli.

Uzi wenyewe ni mfupi kuliko mnavyodhani. Kwa mwanamume mzima hauzidi sana sentimita mbili, na kwa mwanamke ni mfupi zaidi. Mbele umeshikwa ndani ya kona ya gegedu kubwa. Nyuma umeshikwa na kigegedu. Basi fikirini wenyewe: ukitaka nyuzi mbili zifunguke na kufungika, utasogeza nini? Vigegedu vya nyuma. Na ukitaka nyuzi zivutike, zirefuke, utasogeza nini? Gegedu kubwa na pete. Kazi mbili, na kila kazi ina kiungo chake.

Aliyeyaona haya kwa macho yake katika mtu aliye hai, na yanazungumzwa mpaka leo, hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Manuel García, Mhispania. Mwaka 1854, akiwa Paris, alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mkono mrefu, akakipasha moto kwa maji ili kisishike mvuke, akakiweka nyuma kabisa ya kinywa chake mwenyewe. Kwa kioo cha pili alirudisha mwanga wa jua ndani. Akaona. Alipovuta pumzi, aliona nafasi ya pembe tatu iliyo wazi kabisa. Alipoanza sauti, aliona vigegedu viwili vinakaribiana na nafasi inafungika. Mwalimu, kama nyinyi, aliyetaka kujua wanafunzi wake wanafanya nini kooni! Alikufa mwaka 1906, akiwa na miaka 101.

Kabla sijaendelea, niondoe dhana moja. Msidhani kwamba msuli ndio unaoupiga uzi mara moja moja mpaka utoe mlio. Mwanamume anapozungumza kwa kawaida, nyuzi zake hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Mwanamke, karibu mara 200. Hakuna msuli katika mwili wa binadamu unaoweza kukaza na kulegea kwa kasi hiyo. Katika miaka ya 1830 mwanasayansi wa Berlin, Johannes Müller, alichukua vikoromeo vya maiti, akavisogeza magegedu kwa mkono na kupuliza hewa kutoka chini. Vikatoa mlio. Maiti haina msuli unaofanya kazi, na mlio umetoka. Kwa hiyo mtikisiko ni kazi ya hewa: inazisukuma nyuzi zikafunguka, kisha mnyumbuko wao na mkondo wa hewa yenyewe vinazirudisha. Kazi ya misuli ni kuziweka nyuzi mahali pake, kwa unene wake na kwa mvuto wake, kisha kuiachia hewa.

Sasa tuingie kwenye kufungua na kufunga.

Ndugu zangu wa Lamu, nyinyi mna bahati ambayo watu wa bara wengi hawana. Nikiandika ubaoni "paa", mtaniuliza, paa gani? Paa la nyumba au paa wa mwituni? Nikiandika "kaa", mtaniuliza, kaa la moto au kaa wa mikokoni? Kwa maandishi ni sawa. Kwenye ulimi wa mtu wa hapa si sawa hata kidogo. Naomba mzee mmoja hapo mbele atamke. Mmesikia? Yule wa mwituni ana pumzi. Wa mikokoni naye ana pumzi. Paa la nyumba halina, na kaa la moto halina. Wekeni kiganja mbele ya midomo mjaribu: paa wa mwituni ataipiga ngozi ya kiganja, paa la nyumba halitaigusa.

Pumzi ile inatoka wapi? Watoto wa madrasa watasema inatoka mdomoni. La. Mdomo umefanya kitu kilekile mara zote mbili: umefungwa, kisha umefunguliwa. Tofauti iko chini, nyuma ya pete.

Nyuma ya lile bamba pana kuna msuli kila upande, unatoka kwenye bamba na kushika ncha ya pembeni ya kigegedu. Ukikaza, unaivuta ncha ile nyuma, na ncha ya mbele inazunguka kwenda nje. Uzi unafuata. Huo ndio msuli wa kufungua. Na nisikilizeni: katika misuli yote ya ndani ya kikoromeo, huo peke yake ndio unaofungua. Wanaofunga ni kadhaa. Kuna mmoja pembeni unaoivuta ncha ileile mbele, ili uzi urudi katikati. Kuna mwengine unaounganisha vigegedu viwili kwa nyuma na kuvibana pamoja. Kuna ule uliomo ndani ya uzi wenyewe. Kufunga ni kazi ya wengi, kufungua ni kazi ya mmoja.

Sasa tumfuate paa. Unaposema "paa" wa mwituni, midomo inafunga. Wakati huohuo wabanaji wanaachia na mfunguaji anakaza, nyuzi zinaachana. Midomo inapofunguka, nyuzi bado ziko mbali. Hewa inapita bila kizuizi, ndiyo pumzi mnayoisikia. Kisha wabanaji wanarudi, nyuzi zinakutana, na irabu "a" inaanza. Katika lugha ambazo jambo hili limepimwa, muda kati ya midomo kufunguka na mlio kuanza huwa ni milisekunde 50 hadi 100 hivi. Unaposema "paa" la nyumba, mfunguaji anakaza kidogo tu na mapema, na midomo inapofunguka nyuzi zimeshakaribia kukutana. Mlio unaanza karibu papo hapo. Na ukisema "baa"? Nyuzi haziachani kabisa. Zinaendelea kutikisika midomo ikiwa imefungwa.

Mnaona? Mnyama na mapaa ya nyumba zenu yametenganishwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na msuli ambao hamjawahi kuusikia jina. Mtoto wa miaka minne wa Mkomani anauendesha bila kufundishwa. Hilo hunifurahisha kila ninapolifikiria.

Walimu wa tajwidi, haya mnayajua kwa njia yenu. Mnafundisha kwamba hamza na ha ile nyepesi zinatoka mwisho kabisa wa koo. Ni sawasawa. Katika hamza wabanaji wote wanakaza pamoja, nyuzi zinafungana kabisa, hewa inakatika, kisha zinaachiliwa. Katika ha, zinaachwa zikiwa zimeachana kidogo na hewa inasuguana ikipita. Mahali ni pamoja, misuli inayokaza ni tofauti. Mwanafunzi anayeimeza hamza katikati ya neno, mara nyingi hana kasoro ya ulimi. Hajafunga kikamilifu, basi. Mwambie akohoe polepole sana na asimame kabla ya kikohozi kutoka: pale alipojizuia ndipo penye hamza.

Tuje kwenye kupanda na kushuka kwa sauti. Rudisheni kidole kwenye kile kibonde, kati ya gegedu kubwa na pete. Mmekishika? Anzeni "uuu" kwa sauti nzito, kisha pandeni, pandeni, pandeni, bila kuinua kidevu. Kidole kimehisi nini?

Naona wengine wanatikisa kichwa. Kibonde kimepungua! Gegedu na pete vimekaribiana. Hiyo ni kazi ya msuli uliokaa palepale mbele, kulia na kushoto, kati ya vitu viwili hivyo; wenyewe huitwa krikothairoidi. Ukikaza, sehemu ya mbele ya pete na gegedu kubwa vinasogeleana. Lakini mbele ikifungika, nyuma inafanyaje? Bamba la nyuma la pete linaegemea nyuma, na vigegedu vilivyokaa juu yake vinakwenda nalo. Ncha ya mbele ya uzi imebaki kwenye kona yake, ncha ya nyuma imerudi nyuma. Uzi umerefuka, umekuwa mwembamba, umekazika. Unatikisika haraka zaidi, na sauti imepanda.

Anayemkabili msuli huyu ni ule uliomo ndani ya uzi. Ukikaza, unavivuta vigegedu mbele, uzi unafupika na kunenepa, na sauti huwa nzito na nene. Kijana wa kaswida anayepanda kutoka sauti ya kifua hadi sauti nyembamba ya juu, akasikia sauti inapasuka katikati, amefika mahali ambapo mmoja ameachia ghafla kabla mwengine hajashika. Dawa yake si kusukuma hewa kwa nguvu. Ni kupita mahali pale polepole, kwa sauti ndogo, mara nyingi, mpaka makabidhiano yawe laini.

Nilimwona mama mmoja, msomaji wa maulidi katika visiwa vyetu hivi. Alikuwa amepasuliwa tezi ya shingo, na kidonda kilipona vizuri. Alizungumza nami vizuri pia. Sauti safi, haina hewa, hakohoi anapokunywa maji. Waliomwona kabla yangu walimwambia hana kitu. Lakini mwenyewe alilia, akasema, "Daktari, nikifika juu hakuna kitu. Naita, haiji."

Nilimwomba apandishe "uuu", kidole changu kikiwa kwenye kibonde. Hakikufungika. Kwenye kamera, nyuzi zilifunguka na kufungika sawasawa kabisa. Sasa niambieni nyinyi, kiungo gani ni kizima na kipi kimeguswa? Vigegedu vya nyuma ni vizima. Kilichoacha kufanya kazi ni msuli wa mbele. Nao una neva yake ya peke yake, nyembamba sana, inayopita karibu na ncha ya juu ya tezi, palepale ambapo daktari wa upasuaji hufunga mishipa ya damu. Misuli mingine yote ya ndani inatumiwa na neva nyengine. Ndiyo maana mama yule aliweza kuzungumza mchana kutwa na hakuweza kupanda. Anayepiga soga tu hata asingelijua jambo hili. Msomaji alilijua siku ya kwanza. Mazoezi ya sauti yalimrudishia sehemu, si yote, na nilimweleza hivyo waziwazi.

Wa pili alikuwa mzee, muadhini wa miaka mingi. Yeye alikuwa kinyume cha mama yule. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imejaa hewa, inakatika baada ya maneno matatu manne. Akinywa maji, anapaliwa. Watoto wake walidhani ni uzee.

Nilimpa jaribio ambalo hata nyinyi mnaweza kulifanya nyumbani. Vuta pumzi, toa "sss" mpaka iishe, uhesabu sekunde. Pumzika. Kisha vuta tena, toa "zzz" mpaka iishe. Mtu mzima wa afya atazipata karibu sawa, kwa sababu pumzi ni ileile. Mzee alipata sekunde 12 za "sss" na sekunde 5 za "zzz". Kwa nini? "Sss" haihitaji nyuzi; ni ulimi na meno. "Zzz" inahitaji nyuzi zikutane. Zisipokutana, hewa inavuja katikati na kwisha. Kwa hiyo mapafu yake yalikuwa na pumzi, na uvujaji ulikuwa kikoromeoni.

Kamera ikaonyesha uzi wa kulia unakwenda na kurudi. Wa kushoto umesimama, nusu njia, kigegedu chake hakisogei kwa kufunga wala kwa kufungua. Misuli yote ya upande ule imenyamaza. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana, mashekhe wangu. Kwa kuwa shida iko kooni, mngetafuta sababu wapi? Kooni. Mimi nilimpeleka akapigwe picha ya kifua.

Neva inayoendesha misuli ile haiji kikoromeoni moja kwa moja. Inateremka kutoka kichwani, inapita shingo, na upande wa kushoto inaingia kifuani, inazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, kisha inapanda tena mpaka kikoromeoni. Upande wa kulia inazunguka juu zaidi, karibu na bega. Kwa hiyo ya kushoto ni ndefu, na chochote kinachofura kifuani kinaweza kuibana. Kwa mzee wetu, mshipa mkuu ulikuwa umetanuka kama puto na kuibana neva. Hakuwa na maumivu. Hakuwa na homa. Alama pekee ilikuwa sauti.

Alitibiwa kifua kwanza. Neva haikurudi. Uzi uliosimama hauwezi kufundishwa kwenda, lakini unaweza kusogezwa katikati ili mwenzake aukute. Kuna sindano inayoujaza uzi ule ukanenepa, na kuna upasuaji wa kukata kidirisha kidogo kwenye gegedu kubwa na kuweka kipande kinachousukuma ndani. Mzee alifanyiwa huu wa pili. "Zzz" yake ilifika sekunde 11, na kupaliwa kukaisha. Adhani hakuirudia kwa nguvu ya zamani. Aliirithisha kwa mjukuu.

Basi mnitunzie haya. Sauti iliyokwaruza baada ya mafua au baada ya usiku wa maulidi itarudi yenyewe, mpeni mtu siku kadhaa. Ikipita wiki tatu haijarudi, aende akachunguliwe kwa kamera, hata kama hasikii maumivu. Aende upesi zaidi kama anapaliwa na maji, anatema damu, amepata uvimbe shingoni, au anavuta tumbaku. Na akivuta pumzi kwa mlio, kifua kikihangaika, hiyo ni hospitali usiku huohuo, kwa sababu huenda nyuzi zote mbili zimesimama karibu na katikati, na yule mfunguaji mmoja hana msaidizi.

Jambo la mwisho, kwa sababu najua mtaniuliza nje. Sauti ikichoka, msinong'one mkidhani mnaipumzisha. Katika kunong'ona kwa kulazimisha, misuli ya pembeni inabana nyuzi kwa mbele huku vigegedu vikiacha upenyo nyuma, na hewa inapenya pale kwa kusuguana. Misuli inafanya kazi, na nyuzi hazipati nafuu. Zungumzeni kwa sauti ndogo ya kawaida, au nyamazeni kabisa. Na maji mnywe, asubuhi na mchana, si wakati wa adhani tu.

Maswali nitayapokea hapa hapa barazani. Mwenye kutaka kupima "sss" na "zzz", nina saa mkononi.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.